Wigo wa ufunguzi: saa ya kutoka na kikomo cha hasara ya siku

Kanuni yenyewe inatosha kwenye sentensi moja. Soko likifunguliwa, subiri dakika chache, andika bei ya juu kabisa na ya chini kabisa iliyofikiwa katika dakika hizo, kisha nunua bei ikivuka juu ya wigo huo au uza ikivuka chini yake. Toby Crabel aliiandika kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, na tangu hapo imenakiliwa na kufundishwa upya kila kona. Kijana wa Mwanza au Mombasa anayetredi indeksi za Marekani jioni kwa simu hana haja ya kulipia darasa ili aijue.

Ndiyo maana huwa nashangaa tunapotumia saa nyingi kubishana kuhusu kuingia. Wigo uwe wa dakika 5, 15 au 30? Tusubiri mshumaa ufunge nje ya wigo, au tuweke amri isubiri mpakani? Maswali hayo yana uzito wake, lakini uzito mdogo. Kwa maoni yangu, mfumo huu unaishi au unafia kwenye vitu viwili vinavyokuja baada ya kuingia: saa ya kutoka na kikomo cha hasara ya siku. Na wengi hawavipangi kwa hesabu. Wanavibuni wakiwa tayari ndani ya tredi, mapigo ya moyo yamekwenda juu, jambo ambalo ni sawa na kutovipanga kabisa.

Nichukue soko moja ili tusiongee hewani. Indeksi ya S&P 500 ina mkataba mdogo wa baadaye katika soko la CME la Chicago, alama yake MES, ulioanza kuuzwa Mei 2019. Kila pointi moja ya mkataba huo ni dola 5, na bei husogea kwa robo pointi, yaani dola 1.25 kila hatua. Nimeuchagua kwa sababu hesabu yake haina kificho, na kwa sababu anayetredi US500 kwa broka wa kawaida anafuata bei zinazotembea karibu sawa nao, ingawa gharama zake ni nyingine.

Mkataba huu unatembea karibu usiku na mchana, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza ufunguzi ni upi. Ni ufunguzi wa soko la hisa la New York, saa tatu na nusu asubuhi kwa saa za kule. Hapo ndipo maagizo yaliyolimbikizwa usiku kucha yanapokutana: mifuko ya uwekezaji iliyopokea pesa za wateja, watu walioona matokeo ya kampuni yaliyotangazwa baada ya soko kufungwa jana, walioshtuliwa na takwimu za ajira au za mfumuko wa bei zilizotoka saa moja kabla. Kiasi kinachouzwa na kununuliwa ni kikubwa asubuhi, kinapungua adhuhuri, kisha kinapanda tena kuelekea kufunga. Dakika za mwanzo ni za mvutano kati ya pande hizo. Upande mmoja ukizidiwa, bei inatoka nje ya wigo, na kama mzidi ana maagizo makubwa ya kutekeleza, hawezi kuyamaliza kwa dakika kumi. Atayagawa siku nzima. Dau la mfumo huu ni hilo: kwamba yupo mtu mkubwa ambaye bado hajamaliza kununua au kuuza.

Kwetu Afrika Mashariki ufunguzi huo unaangukia saa kumi na nusu jioni Marekani ikiwa kwenye saa za kiangazi, na saa kumi na moja na nusu jioni ikiwa kwenye saa za baridi. Wao husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na kuirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi hatusogezi. Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukimeza wiki nzima za kumbukumbu za tredi. Mabroka wengi wa MetaTrader huweka saa ya seva yao ifuate New York, ili mshumaa wa siku ufunge pamoja na siku ya New York. Kwenye seva ya aina hiyo ufunguzi husomeka 16:30 mwaka mzima, wakati saa ya ukutani Nairobi inasema 16:30 miezi fulani na 17:30 miezi mingine. Anayechora wigo kwa kuangalia saa ya simu, Novemba ikiingia atachora wigo wa saa moja kabla ya soko kufunguliwa. Utakuwa mwembamba, utavunjwa ovyo, naye atasema mfumo umeacha kufanya kazi. Linganisha saa ya seva na saa ya New York kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa mfano. Bei ni za kutunga, hesabu ni za kweli. Akaunti ina dola 7,500 na mwenyewe ameamua kuhatarisha asilimia 1 kwa tredi, yaani dola 75. Wigo wake ni wa dakika 15. Kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na dakika 45 jioni, bei ya juu ni 6,018.00 na ya chini ni 6,004.00. Anaweka amri ya kununua 6,018.50 na amri ya kuuza 6,003.50, hatua mbili nje ya kila mpaka, na amri ya kukata hasara ya kila upande inakaa pale upande wa pili unapoanzia. Umbali ni pointi 15, sawa na dola 75. Mkataba mmoja unatosha hasa. Wigo ungekuwa wa pointi 25, hatari ingekuwa dola 130, na jibu sahihi lingekuwa kutotredi siku hiyo. Kusogeza amri ya kukata hasara karibu ili mkataba uenee si jibu.

Gharama nazo. Tuseme broka anatoza dola 1.50 kwenda na kurudi, na bei inateleza hatua moja wakati wa kuingia na hatua moja wakati wa kutoka, kwa sababu amri hizi hutekelezwa bei ikiwa mbioni. Hiyo ni dola 2.50 nyingine. Jumla ni dola 4 kwa kila tredi inayoishia kwenye kukata hasara, ambayo ni kama asilimia 5 ya dola 75 zilizohatarishwa. Inaonekana ndogo. Lakini mwenye wigo wa dakika 5 uliompa umbali wa pointi 6 tu anahatarisha dola 30, na gharama ni zilezile dola 4, yaani asilimia 13.

Tofauti hiyo si ya kupuuza, na hesabu inaonyesha kwa nini. Chukua tredi 100 ambazo 38 zinashinda na kuleta wastani wa mara 1.6 ya kiasi kilichohatarishwa, na 62 zinapoteza wastani wa 0.8, kwa kuwa nyingine zinafungwa kabla ya kugonga amri ya kukata hasara. Kabla ya gharama umepata vipande 11.2 vya hatari. Toa gharama za wigo wa dakika 15, vinabaki 5.9. Toa gharama za wigo mwembamba, unakuta hasara ya 2.1. Kuingia ni kulekule, macho ni yaleyale, ila mmoja anaendelea na mwingine anaunguza akaunti polepole bila kujua kwa nini. Anayetredi US500 kwa broka ambaye spredi yake hupanuka dakika za ufunguzi aipime spredi hiyo saa ileile ya ufunguzi. Ile ya adhuhuri haimsaidii.

Turudi kwenye saa ya kutoka. Watu wakisikia neno hilo hufikiria kufunga kabla ya soko kufungwa, basi. Mimi naona saa tatu tofauti, na kila moja inajibu swali lake.

Ya mwisho ndiyo rahisi: dakika kumi kabla ya New York kufunga, kila kitu kinafungwa. Kwetu ni saa nne na dakika 50 usiku miezi ya kiangazi chao. Hii inazuia tredi ya siku isigeuke uwekezaji wa kulazimishwa, na inakuondolea hatari ya habari za usiku. Lakini ina kazi nyingine ambayo wengi hawaioni: ndiyo inayobeba faida. Gao, Han, Li na Zhou walichapisha mwaka 2018 utafiti uliotumia bei za mfuko unaofuata S&P 500 tangu 1993 hadi 2013, na wakaonyesha kwamba mwelekeo wa nusu saa ya kwanza, ukipimwa kuanzia bei ya kufunga ya siku iliyotangulia, unasaidia kutabiri mwelekeo wa nusu saa ya mwisho. Uhusiano wenyewe si mkubwa kiasi cha kumtajirisha mtu peke yake, lakini unaeleza kwa nini kuchukua faida mapema kunaua mfumo huu. Siku ambayo kweli kuna mzidi, bei inaweza kutoka 6,018.75 mpaka 6,052.00 kufikia usiku: pointi 33.25, dola 166.25, zaidi kidogo ya mara mbili ya hatari. Siku kama hizo ni chache kwa mwezi, na ndizo zinazolipa nyingine zote. Anayefunga tredi yake kila akiona dola 40 anabaki na hasara kamili na faida nusu, na hakuna asilimia ya ushindi ya kawaida inayoweza kumwokoa.

Saa ya kwanza ni ya kuingia. Baada ya saa mbili tangu ufunguzi, amri ambazo hazijatekelezwa zinafutwa. Wigo wa asubuhi unaovunjwa adhuhuri haubebi tena ile habari ya maagizo ya ufunguzi. Watu wamekwenda kula, kiasi ni kidogo, na bei inavuka mpaka kwa kusukumwa na mtu mmoja.

Saa ya katikati ndiyo yenye utamu wa kuchambua, na ndiyo inayoleta ubishi. Kama dau lako ni kwamba yupo mtu mkubwa anayesukuma, basi unapaswa kumwona akisukuma. Tredi nzuri ya wigo wa ufunguzi kwa kawaida haikuweki roho juu muda mrefu. Ikiwa dakika 60 zimepita na bei inazungukazunguka pale ulipoingilia, sababu ya kuwa ndani imekwisha, hata kama amri ya kukata hasara haijaguswa. Kanuni ninayoipenda inasema hivi: dakika 60 baada ya kuingia, kama tredi haijafikisha faida ya robo ya hatari, funga. Kwenye mfano wetu robo hiyo ni pointi 3.75.

Namba 60 na robo hazikushuka kutoka mbinguni, na sikushauri uzichukue hivihivi. Zitafute kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Kwa kila tredi andika, mbali na matokeo yake, ilikuwa mbele au nyuma kwa pointi ngapi baada ya dakika 30, 60 na 90. Ukishakuwa na mia moja na zaidi, zitenge zilizoishia na faida kubwa na uangalie zilikuwa wapi katika dakika hizo. Ukikuta karibu zote zilishakuwa mbele kwa dakika 60, una saa yako. Ukikuta nyingi zilikuwa bado zinasuasua, saa yako ni fupi mno na unakata miche pamoja na magugu. Kisha jaribu 50 na 70. Kama 60 inaleta faida na majirani zake wawili wanaleta hasara, ulichokipata ni bahati ya takwimu na hakitarudia.

Tuone mfano wetu ulivyokwenda. Saa kumi na dakika 52 bei inapanda, amri ya kununua inatekelezwa 6,018.75 badala ya 6,018.50. Bei inafika 6,021, inakwama, inageuka. Saa kumi na moja na dakika 20 inagonga kukata hasara na tredi inafungwa 6,003.25. Pointi 15.5 zimekwenda, dola 77.50, na tozo 1.50, jumla dola 79. Papo hapo amri ya kuuza nayo inatekelezwa kwa bei hiyohiyo, 6,003.25. Bei inashuka hadi 5,997, moyo unatulia, kisha inarudi na kuanza kuzunguka. Saa kumi na mbili na dakika 20 saa ya katikati inagonga. Bei ni 6,001.00, faida ya pointi 2.25, chini ya zile 3.75. Inafungwa kwa 6,001.25, pointi 2, dola 10, na baada ya tozo dola 8.50. Siku imeisha kwa hasara ya dola 70.50. Saa mbili usiku bei imesharudi 6,019. Bila ile saa, hasara ya pili ya dola 79 ingeongezeka, na jumla ingekuwa dola 158.

Siku nyingine ungefunga hivyohivyo na bei ikaporomoka pointi 30 bila wewe. Itakuuma. Mfumo haupimwi kwa siku ile.

Zile dola 158 zinatuleta kwenye kikomo cha siku, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapovuja. Mtu anasema: nahatarisha asilimia 1 kwa tredi, kikomo changu ni tredi mbili mbovu, kwa hiyo asilimia 2, dola 150. Sasa angalia. Tredi ya kwanza imekula 79. Zimebaki 71. Tredi ya pili inahitaji 75 kabla hata ya gharama. Ana njia mbili: aikatae tredi ya pili, na hapo kikomo chake ni cha tredi moja, wala si mbili kama alivyodhani, au aingie akijua kwamba ikishindwa atavuka kikomo alichojiwekea mwenyewe. Wengi huingia. Na kikomo kikishavukwa kwa dola 8 hakuna sababu tena ya kutovukwa kwa 80. Kikomo kinachofaa hapa ni dola 165, yaani hatari mbili kamili, gharama zake mbili, na nafasi ndogo ya bei kuteleza zaidi. Ni asilimia 2.2 ya akaunti. Kanuni yake inaangaliwa kabla ya kuingia, na inahesabu hasara ambayo bado haijatokea:

```
hasara_ya_leo + hatari_ya_tredi_mpya + gharama <= kikomo
```

Lakini kwa nini tredi mbili, na kwa nini si nne? Jibu la kawaida ni saikolojia: mtu aliyepigwa mara mbili anatafuta kulipiza. Ni kweli, ila mfumo huu una sababu nyingine isiyohusu hasira. Bei ikivunja wigo juu ikarudi, kisha ikavunja chini ikarudi, imeshakujibu swali uliloliuliza. Hakuna upande uliozidiwa leo. Kuingia mara ya tatu kwenye wigo uleule hakufanani na kurusha sarafu upya. Ni kuuliza tena swali ambalo jibu lake umelipata. Kwa hiyo kikomo cha tredi mbili kinatoka ndani ya mantiki ya wigo wenyewe, upande mmoja mara moja na upande mwingine mara moja. Anayetumia mkakati tofauti huenda akahitaji kikomo tofauti.

Fikiria pia wiki mbaya. Siku tano mfululizo zikipiga pande zote mbili, hasara ni dola 790, zaidi kidogo ya asilimia 10 ya akaunti. Kwa mfumo unaopoteza tredi 62 kati ya 100, jambo hilo si la ajabu kiasi cha kulisahau. Linauma, lakini dola 6,710 zilizobaki bado zinaruhusu mkataba mmoja, ingawa hatari ya dola 75 sasa imepita asilimia 1. Mwenye nidhamu atasubiri siku za wigo mwembamba kidogo mpaka akaunti irejee. Aliyekuwa akihatarisha asilimia 4 kwa tredi angekuwa amepoteza zaidi ya theluthi ya pesa yake kwa siku hizohizo tano.

Kikomo kipimwe kwa nini? Kwenye MetaTrader akaunti ina namba mbili: salio, ambalo halibadiliki mpaka tredi ifungwe, na usawa, unaojumuisha faida au hasara ya tredi iliyo wazi. Kikomo kinachoangalia salio kinakuwa kipofu wakati tredi mbaya inaendelea kushuka. Makampuni yanayowapa vijana wetu akaunti za majaribio, ambayo mengi huweka kikomo cha siku cha asilimia 4 au 5, mara nyingi hupima usawa, na kuna watu wanaondolewa wakiwa na salio safi kabisa. Anayeandika roboti yake mwenyewe, mstari unaohusika ni mfupi:

```
double usawa = AccountInfoDouble(ACCOUNT_EQUITY);
if(usawa <= usawaWaMwanzo - kikomo) FungaZote();
```

FungaZote ni kazi unayoiandika mwenyewe, na ni lazima ifute pia amri zinazosubiri. Ikisahau, tredi inafungwa, kisha dakika tatu baadaye amri ya upande wa pili inakurudisha sokoni. Thamani ya usawaWaMwanzo ichukuliwe mara moja, kabla ya ufunguzi, na ihifadhiwe mahali ambapo haifutiki programu ikizimwa na kuwashwa. Vinginevyo kila ukiiwasha upya unajipa kikomo kipya.

Kuna tofauti moja ambayo kwa mazingira yetu ni muhimu kuliko roboti yenyewe. Amri ya kukata hasara inakaa kwenye seva ya broka. Umeme ukikatika Kigamboni, bado ipo. Lakini saa ya kutoka na kikomo cha siku vilivyoandikwa kwenye roboti vinakaa kwenye kompyuta yako, na umeme ukikatika navyo vinalala. Ndiyo sababu wengine hukodi kompyuta ya mbali inayowaka saa zote. Baadhi ya mabroka wa mikataba ya baadaye wana sehemu ya kuweka kikomo cha siku upande wao, ambapo ukikigusa akaunti inafungwa mpaka kesho na huwezi kuifungua hata ukipiga simu. Ningechagua broka wa namna hiyo hata kama tozo yake ni kubwa kidogo.

Hata hivyo kikomo cha siku si ukuta wa zege. Jumatatu ya tarehe 7 Aprili 2025, katika wiki ya misukosuko ya ushuru wa Marekani, S&P 500 ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 4 asubuhi. Kabla ya saa moja tangu ufunguzi kwisha, ikaenea habari kwamba ushuru ungesitishwa kwa siku 90. Kwa dakika chache indeksi ikaruka hadi juu ya asilimia 3, Ikulu ya Marekani ikakanusha, ikaporomoka tena, na siku ikafungwa chini kwa asilimia 0.2 tu. Katika mbio za namna hiyo amri ya kukata hasara hutekelezwa pale panapopatikana mtu wa upande wa pili, na si lazima iwe bei uliyoiandika. Kikomo cha dola 165 kinaweza kugeuka 250. Kilichomlinda mtu siku hiyo kilikuwa hesabu ya ukubwa: wigo wa asubuhi ya namna ile ni mpana mno kwa hatari ya dola 75, kwa hiyo mwenye kufuata kanuni hakuwa na mkataba hata mmoja. Siku mbili baadaye usitishaji ulitangazwa kweli, mchana wa New York, na indeksi ikapanda asilimia 9.5. Aliyekuwa ameuza asubuhi na kuacha tredi bila kikomo hakuhitaji somo jingine.

Matukio yenye ratiba ni rahisi zaidi kuyakwepa. Takwimu kadhaa za Marekani hutoka saa nne asubuhi ya New York, dakika 30 baada ya ufunguzi. Anayetumia wigo wa dakika 30 anaweka amri zake dakika ileile takwimu zinapodondoka, na amri zote mbili zinaweza kutekelezwa ndani ya sekunde kadhaa. Siku ambayo benki kuu ya Marekani inatangaza riba, tangazo linatoka saa nane mchana kwao, asubuhi inakuwa ya kungoja, na mara nyingi wigo hauna maana. Siku inayofuata sikukuu yao ya Shukrani soko linafunga saa saba mchana, na saa ya kutoka iliyoandikwa kwa siku ya kawaida haitagonga kamwe kabla ya kufunga.

Neno kuhusu majaribio ya bei za nyuma. Ukipima mfumo huu kwa mishumaa ya dakika 15, utakutana na mishumaa iliyogusa mipaka yote miwili, na programu itachagua yenyewe ni upi uliguswa kwanza. Inaweza kuchagua kwa namna inayokufurahisha. Tumia bei za dakika moja au za chini zaidi, weka kuteleza kwa hatua moja kila upande hata kama unaona ni kujionea, na usiache siku ambazo kanuni ilikataa tredi zikaingia kwenye hesabu.

Kabla ya kuweka pesa, ujue pia unaingia uwanja gani. Chague, De-Losso na Giovannetti waliwafuatilia watu walioanza kutredi kila siku mikataba ya indeksi ya Brazili kati ya 2013 na 2015. Kati ya walioendelea kwa zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa aina hii hii, mdogo na wa bei nafuu, uliotengenezwa kwa watu wa kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa msomaji ni mmoja. Kama huwezi kuandika kwenye karatasi moja, kabla ya saa kumi na nusu jioni, saa zako tatu na kikomo chako kwa dola pamoja na gharama, jioni hiyo usifungue akaunti. Na kama kikomo hicho kinategemea wewe mwenyewe kubonyeza kitufe wakati unapoteza, kihesabu kuwa hakipo.